Shukrani ya madebe ishirini na sita

Siku ya Sikukuu ya Mavuno, katika kanisa la kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, mama mkulima alisimama mbele ya madhabahu, debe la mtama likiwa miguuni pake, akaomba kwa sauti:

"Baba Mungu, nimekuja. Shamba langu unalijua, zile ekari mbili za kule korongoni. Mbegu ya kwanza ilifia ardhini, nikapanda tena ya kuazima. Jua la mwezi wa pili likatuunguza, na ndege nao wakaja. Sikupata nilichokitazamia. Nimepata magunia manne na madebe mawili. Ni wewe umenipa, siwezi kuyadharau. Asante kwa mvua ile ya mwezi wa tatu, maana bila ile nisingekuwa na kitu mkononi leo. Asante kwa jirani aliyeniazima mbegu. Asante kwa watoto walioshinda shambani wakifukuza ndege. Debe hili ni lako. Nyumba yangu usiiache ilale njaa mwezi wa kwanza. Amina."

Sala nyingi za mavuno nilizowahi kuzisikia zimejaa neno baraka, na mara nyingi msomaji wake hajashika jembe mwaka ule. Hii ilinigusa kwa sababu mama yule alimweleza Mungu msimu wake jinsi ulivyokuwa, hasara pamoja na pato, bila kuficha. Kila alichokitaja nilikikuta baadaye nyumbani kwake na shambani kwake.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na katikati yake huwa kuna kiangazi kifupi ambacho kila mkulima wa Ugogo anakiogopa. Mama huyu alipanda mvua ya kwanza ilipodondoka. Ikakatika. Mbegu ikaota na kunyauka, na kwa kuwa hakuwa na akiba nyingine, akaenda kwa jirani. Mbegu yenyewe ni Macia, mtama mweupe mfupi unaokomaa mapema. Kwa ekari moja inatosha kilo nne hivi, kwa hiyo alichoazima hakikufika nusu debe. Lakini bila kile, shamba lingebaki tupu.

Mtama una uvumilivu ambao mahindi hayana. Jua likizidi hukunja majani, hutulia, na mvua ikirudi huendelea kukua. Ndivyo ulivyopita mwezi wa Februari. Mvua ya Machi aliyoishukuru ilikuta mtama unakaribia kutoa masuke, na huo ndio wakati ambao ukame ungemaliza kila kitu. Hata hivyo si masuke yote yaliyojaa. Wakati wa kupepeta, mapepe yaliyopeperuka kutoka kwenye ungo yalikuwa mengi kuliko mwaka uliotangulia, na punje nyingi zilizobaki zilikuwa nyembamba, zimesinyaa.

Kisha ndege. Kwelea kwelea huja kwa makundi makubwa punje zikiwa bado na maziwa, na mtama mweupe ndio wanaoupenda, kwa kuwa hauna ule uchungu wa mtama mwekundu. Mkulima anachagua mbegu inayofaa kwa ugali na kwa soko, na kwa uchaguzi huohuo anajitwika kazi ya kulinda. Watoto wake walikaa juu ya dungu tangu alfajiri, kwa kombeo na kwa kupiga mikebe, siku baada ya siku mpaka punje zikakauka. Ndiyo maana watoto wametajwa kwenye sala. Wanastahili.

Sasa hesabu. Magunia manne na madebe mawili ni madebe ishirini na sita. Msimu mzuri, ekari zile mbili humpa magunia kumi hivi. Katika ishirini na sita, nusu debe ni mbegu, na kiasi kingine cha nusu debe kilirudi kwa jirani. Madebe mawili yaliuzwa kulipa deni la dukani. Moja lilikwenda kanisani. Yamebaki ishirini na mawili. Nyumba yake ina watu watano, na debe moja la mtama, likisagwa, huwapa ugali wa siku nane hivi. Yaani chakula cha karibu miezi sita tangu Julai.

Nilimuuliza, "Mama, mbona umetoa debe zima na chakula chenyewe hakitoshi?"

"Mwanangu," akanijibu, "mbegu niliitenga kwanza. Ningetoa mbegu, mwakani ningekuja kushukuru na nini?"

Akanionyesha masuke aliyoyachagua yakiwa bado shambani, yale makubwa yaliyojaa vizuri. Ameyaning'iniza juu ya mafiga, moshi uwafukuze fukusi. Macia si chotara, kwa hiyo mbegu yake ikitunzwa hivyo inapandwa tena msimu unaofuata.

Jibu lake lina mizizi mirefu. Wagogo wazee bado wanaitaja Mtunya, ile njaa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Watu wengi sana walikufa. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, mtu hatoi kwa kujisahau. Anatoa akijua hasa kilichobaki ndani.

Wala dini hazimtaki ajisahau. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima anayeleta kapu la malimbuko anaanza kwa kusimulia mateso ya mababu zake kabla ya kushukuru, kisha anafurahi pamoja na mgeni na asiye na shamba. Kule Kondoa, katika mkoa huohuo wa Dodoma, wakulima Waislamu wana kipimo kilicho wazi zaidi: zaka ya mazao ya mvua ni sehemu moja ya kumi, lakini haimlazimu mtu ambaye mavuno yake hayajafika wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kilo 650 hivi. Magunia manne hayafiki hapo. Kwa kipimo hicho mama huyu asingedaiwa hata punje; angekuwa miongoni mwa wanaostahili kupewa.

Baada ya ibada palikuwa na mnada chini ya mti, kama ilivyo desturi: kuku, maboga, karanga, na debe lile la mtama. Mzee wa kanisa aliunadi mtama, na mwenye mshahara mmoja akaununua kwa bei iliyozidi ya soko. Fedha ikaingia kanisani, mtama ukapanda pikipiki kwenda mjini.

Hapo ndipo ninapotoa ombi langu. Ipo desturi nzuri katika minada hii ya mnunuzi kulipa kisha kuurudisha mzigo, unadiwe tena au apewe mwenye shida. Katika mwaka mgumu, desturi hiyo iwe ndiyo kanuni kwa chakula. Wenye mishahara tulipe, tuache debe pale pale, na wazee wa kanisa, ambao wanajua ghala la nani limejaa na la nani limekauka, walipeleke panapostahili. Na wasingoje mpaka mtu aje kuomba. Mtama wa mama yule utakwisha mwanzoni mwa Januari, na mpya hauvunwi kabla ya mwisho wa Mei.