Kubadili Mahojiano Kuwa Tamthiliya

Kosa la kawaida hapa ni kufuta "Swali" na "Jibu", kuweka majina ya wahusika, kisha kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Tuseme umepewa mahojiano haya na mfinyanzi wa Kikisi katika soko la Matema:

Swali: Vyungu unavileta kwa nini?
Jibu: Kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Juzi ziwa lilichafuka, viwili vikapasuka. Niliumia sana.

Yakiwa tamthiliya:

(Ufukweni Matema. MFINYANZI anashusha vyungu mtumbwini. MWANAFUNZI anaingia.)
MWANAFUNZI: Shikamoo mama. Vyote hivi vimetoka Ikombe?
MFINYANZI: Marahaba mwanangu. Vilikuwa zaidi. Mawimbi yamenipasulia viwili. (Anaokota kigae, anakitazama kimya.)

Neno "juzi" limeondoka kwa sababu tumelihamishia onesho siku yenyewe ya tukio. "Niliumia sana" nayo haisemwi tena. Imekuwa tendo ndani ya mabano. Mabano hubeba kinachoonekana au kusikika tu. Ukiandika "(anakumbuka hasara yake)", mwigizaji atafanya nini? Ila taarifa za mhojiwa usiziguse: Ikombe ibaki Ikombe, na vyungu vilivyopasuka vibaki viwili.