Je, Wajua? Tone la jivii, simu ya mkononi na kasi ya mmenyuko

Je, wajua kwamba jivii, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye utando mweupe mdomoni, inatosha kupimia kasi ya mmenyuko? Kichupa kinapatikana katika duka la dawa la Wandegeya, chini kidogo ya kilima cha Makerere. Ukichanganya jivii na sodiamu hidroksaidi, zambarau inafifia polepole mbele ya macho yako mpaka maji yanabaki meupe. Hakuna moshi wala povu, na hakuna mashapo yanayoziba mwanga. Kwa kamera, mmenyuko wa namna hiyo ni nadra.

Je, wajua rangi inakwenda wapi? Haichujwi wala haizami. Molekuli ya jivii ina kaboni moja katikati iliyoshika pete tatu, na elektroni zinazunguka kwa uhuru katika pete zote hizo. Ndiyo sababu inafyonza mwanga wa manjano na kijani, nasi tunaona zambarau. Ioni ya hidroksaidi inapoishika kaboni ile ya katikati, njia ya elektroni inakatika, na molekuli hiyo haina rangi tena. Kwa hiyo kiasi cha rangi iliyobaki kinakuambia ni molekuli ngapi bado hazijaguswa.

Je, wajua kwamba tone moja tu linatosha? Jivii ya asilimia 0.5 ni kali mno. Weka tone moja katika mililita 25 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha chukua hidroksaidi ya 0.1 M, ile ya kawaida ya maabara ya shule, mililita 20, uongeze maji mpaka 50. Umepata 0.04 M. Mililita 5 za kila upande zikikutana, hidroksaidi inakuwa 0.02 M, zaidi ya mara elfu moja ya jivii. Wingi huo ni wa makusudi: hidroksaidi haipungui kiasi cha kuonekana, kwa hiyo kinachobadilika kwenye video ni jivii peke yake. Vaa miwani ya maabara, kwa sababu hidroksaidi inaunguza jicho, na glavu, kwa sababu jivii haitoki kidoleni kwa siku kadhaa.

Je, wajua kwamba kosa kubwa la jaribio hili hufanywa na simu yenyewe? Kamera ya simu imeundwa kupiga picha nzuri, siyo kupima. Mchanganyiko ukiwa mzito inaongeza mwanga, ukififia inapunguza, nawe unabaki na video ambayo mabadiliko yake yamefutwa nusu. Dawa yake ni kubonyeza skrini bila kuachia mpaka mwanga ufungwe. Katika iPhone utasoma `AE/AF LOCK`. Fanya hivyo kabla ya kumimina. Egemeza simu kwenye rundo la vitabu, maana mkono hauwezi kutulia dakika kumi. Nyuma ya neli ya majaribio weka karatasi nyeupe, na iache ionekane pembeni ya neli katika kila picha. Karatasi hiyo utaihitaji.

Je, wajua kwamba kila pikseli ya video ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255? Kwa jivii, soma kijani, kwa sababu ndiyo inayopanda sana rangi inapofifia. Bluu haibadiliki sana, kwa hiyo ifanye askari wa zamu: ikiruka ghafla, ujue aliyebadilika ni mwanga wa chumba, siyo kemia. Kama una kompyuta, amri hii inatoa picha moja kwa kila sekunde 30:

```
ffmpeg -i jaribio.mp4 -vf fps=1/30 picha%02d.png
```

Fungua kila picha kwenye ImageJ, programu isiyolipiwa, tenga rangi kwa `Image > Color > Split Channels`, chora mstatili mwembamba katikati ya neli, kisha `Analyze > Measure`. Usiguse kingo za neli. Kioo cha mviringo kinapinda mwanga kama lenzi, na namba za pembeni hazina maana.

Je, wajua kwamba namba hiyo ya kijani si kipimo cha jivii? Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapotelea, na napenda tutulie kidogo. Tuseme karatasi nyeupe inasoma 210, na neli inasoma 60 mwanzoni, 112 baada ya dakika 3, 154 baada ya 6 na 180 baada ya 9. Ukichora namba hizi kama zilivyo, zinapanda kwa 52, kisha 42, kisha 26. Hakuna utaratibu unaoonekana. Sasa gawanya namba ya karatasi kwa namba ya neli, halafu chukua logi. Unapata 0.54, 0.27, 0.13 na 0.07. Kila dakika 3 imebaki nusu! Huo ndio ufyonzaji, nao ndio unaokwenda sambamba na kiasi cha jivii. Muda wa nusu usiobadilika ni alama ya mmenyuko wa daraja la kwanza, na kisobadilika chake cha kasi ni 0.693 gawanya kwa sekunde 180, yaani karibu 0.0039 kwa sekunde.

Msomaji makini atauliza: lakini simu haihifadhi mwanga kama ulivyo, inaupinda kwa hesabu zake ili picha ipendeze. Ni kweli. Mpindo huo unakaribia kuwa kipeo, na logi ya kipeo ni kuzidisha tu. Ufyonzaji wako wote utakuwa mdogo kwa kigawo kimoja, lakini nusu itabaki nusu. Ndiyo sababu simu inaweza kukupa muda wa nusu wa kuaminika hata kama haiwezi kukuambia kiasi halisi cha jivii.

Je, wajua kwamba wingu moja kutoka Ziwa Viktoria linaweza kuharibu grafu? Dirisha la maabara ya Kampala linang'aa, kisha wingu linapita, na namba ya neli inashuka kana kwamba jivii imerudi. Tazama karatasi katika picha hiyohiyo: nayo imeshuka. Ukitumia namba ya karatasi ya picha ileile badala ya 210 ya mwanzoni, sehemu kubwa ya kosa inaondoka. Mkia wa jaribio, hata hivyo, hauna tiba. Neli ikifika 205, kosa la namba moja tu linabadilisha ufyonzaji kwa karibu asilimia 20. Acha kusoma mapema.

Je, wajua unachopata ukirudia kwa hidroksaidi ya 0.08 M, yaani mililita 40 za 0.1 M zikiongezwa maji mpaka 50? Muda wa nusu unashuka kutoka dakika 3 hadi kama dakika moja na nusu: hidroksaidi nayo ni ya daraja la kwanza. Ila fanya majaribio yote mawili kwa joto lilelile, chupa zote zikiwa zimekaa ndani ya beseni moja la maji. Ukipima la kwanza asubuhi ya baridi na la pili saa nane mchana, joto pekee linaweza kukupunguzia karibu nusu ya muda, nawe utaisifia hidroksaidi kwa kazi ya jua.