Watu 28, meza ngapi? Namna ya kuomba ukumbi wa mkutano ofisini

Afisa utawala anapopokea ujumbe unaosema, "Naomba ukumbi wa watu 30 Alhamisi, pamoja na projekta," hawezi kuufanyia kazi hata akitaka. Hajui kama watu hao watasikiliza hotuba au wataandika. Hajui kama watagawanyika katika makundi, wala projekta hiyo itaunganishwa na kompyuta ya nani. Hivyo hutoa ukumbi wowote ulio wazi. Siku ya mkutano, watu wanaanza kuburuta meza saa 3:20 asubuhi huku mgeni rasmi amesimama mlangoni.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ofisi moja inaandaa semina ya siku moja kwa wahasibu 28 kutoka matawi yake. Wakufunzi ni wawili, mwandishi wa kumbukumbu mmoja, na watu watatu wataungana kwa mtandao kutoka mikoani. Mkurugenzi atafungua semina kisha ataondoka. Ukumbi uliopo una upana wa mita 8 na urefu wa mita 11, na umeandikwa mlangoni kuwa unachukua watu 60.

Hiyo 60 ni kweli, lakini kwa mpangilio mmoja tu: viti vya safu bila meza, kama watu wanavyokaa kwenye mkutano wa hadhara. Mtu wa namna hiyo anahitaji takribani mita moja ya mraba. Ukimpa meza, kompyuta mpakato na nafasi ya kusogeza kiti, mahitaji yake yanakaribia mara mbili. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni watu hao watafanya nini wakishakaa. Idadi yao inafuata baada ya hapo.

Waandaaji wengi hupenda mpangilio wa umbo la U, kwa kuwa kila mmoja anamwona mwenzake. Tuupime katika ukumbi wetu. Mbele tutenge mita 3 kwa skrini na mkufunzi. Meza za kawaida za semina zina urefu wa sentimita 180, na kila moja inawatosha watu wawili wenye kompyuta. Upande wa nyuma wa U zinaingia meza 3, na kila ubavu meza 3, ukiacha njia ya kupita nyuma ya viti. Jumla ni meza 9, yaani watu 18. Wahasibu 10 wamebaki nje. Ukiwabana watatu kwenye kila meza unafika 27, lakini kila mmoja anabaki na sentimita 60, na daftari halina tena pa kukaa.

Mpangilio wa darasa unafaa zaidi kwa idadi hiyo. Safu 5 zenye meza 3 kila moja, watu wawili kwa meza, zinakupa viti 30. Hata hivyo semina yetu ina kazi za makundi mchana, na katika mpangilio wa darasa nusu ya watu watalazimika kugeuza viti na kupeana visogo. Suluhisho ni makundi tangu asubuhi. Unganisha meza mbili ubavu kwa ubavu, upate meza pana moja. Weka watu wawili kila upande na mmoja mwishoni, na uache wazi ule mwisho unaoelekea skrini ili asiwepo anayeipa mgongo. Makundi 6 ya watu 5 yanaingia katika ukumbi huu kwa meza 12. Viti ni 30 na wahasibu ni 28.

Kuna jambo moja ambalo waandaaji wa kwetu hulisahau mara nyingi, nalo ni meza kuu. Mkurugenzi akija kufungua, atakaa mbele pamoja na mwenyeji wake, na meza hiyo hupangwa moja kwa moja chini ya skrini. Kisha mkurugenzi anaondoka, meza inabaki, na mkufunzi anakosa pa kusimama. Katika ombi lako sema wazi kuwa meza kuu ni ya watu wawili, ikae ubavuni mwa skrini, na iondolewe wakati wa chai ya asubuhi. Mhudumu wa ofisi akilijua hilo mapema, ni kazi ya dakika 5.

Idadi yenyewe nayo inahitaji kupasuliwa. Viti ndani ya ukumbi ni hesabu moja, na vikombe vya chai ni nyingine. Katika semina yetu ndani watakaa wahasibu 28, wakufunzi 2 na mwandishi 1. Asubuhi wataongezeka mkurugenzi na msaidizi wake. Nje kuna madereva 5 ambao hawahitaji kiti ukumbini lakini watakunywa chai. Ukiandika "watu 31" pekee, watu 7 wamekosa kikombe. Ukiandika "watu 38" pekee, ukumbi utapangwa viti visivyo na wa kuvikalia, na makundi yatabanana bure.

Sasa tuje kwenye vifaa. Neno "projekta" halitoshi, kwa sababu kinachoshindikana mara nyingi ni waya. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la HDMI. Zina tundu dogo la USB-C, na zinahitaji adapta. Taja kompyuta itakayotumika ina tundu gani, au omba ofisi itoe kompyuta yake na wakufunzi walete kazi zao kwenye flashi.

Ukubwa wa picha nao una kanuni rahisi. Aliyekaa mbali zaidi asiwe mbali kuliko mara 6 ya kimo cha skrini. Katika ukumbi wetu mtu wa mwisho yuko mita 10 kutoka ukutani, hivyo skrini inahitaji kimo cha karibu mita 1.7. Runinga ya inchi 65, ambayo ofisi nyingi huitundika ukutani, ina kimo cha sentimita 81 tu. Mtu aliye zaidi ya mita 5 hataweza kusoma tarakimu za jedwali la hesabu, na wahasibu wamekuja kusoma tarakimu. Ukiona washiriki wa nyuma wanapiga picha skrini kwa simu ili waikuze, ujue kuwa kipimo hicho kimekosewa.

Wale watatu wa mtandaoni wanahitaji sauti kuliko picha. Kipaza sauti cha kompyuta mpakato humsikia vizuri mtu aliye mita moja au mbili tu. Omba kipaza sauti cha mezani cha mikutano, au vipaza sauti viwili vya mkononi vilivyounganishwa na kompyuta inayoendesha kikao. Kisha weka sharti moja: ndani ya ukumbi, sauti iwashwe kwenye kompyuta hiyo pekee. Mshiriki mwingine akifungua kikao hicho hicho kwenye kompyuta yake bila kuzima sauti, mwangwi mkali utaanza mara moja. Fundi anaweza kuhangaika na spika kwa nusu saa wakati kosa liko kwenye meza ya tatu.

Umeme ni wa kupigia hesabu pia. Kompyuta 28 zinazochajiwa, kila moja ikitumia wati 65, zinafika wati 1,820. Birika kubwa la umeme la kuchemshia maji ya chai linaweza kutumia wati 2,500. Soketi yetu ya kawaida ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, inabeba karibu wati 3,000. Ukichomeka birika na kompyuta kwenye ekstensheni moja, fyuzi itakatika au waya utapata moto. Dalili ya kwanza ni plagi kuwa ya moto ukiigusa. Omba ekstensheni zitoke kwenye soketi tofauti za ukutani, na birika likae nje ya ukumbi kwenye soketi yake. Uliza pia kama soketi za ukumbi huo ziko kwenye jenereta, maana katika majengo mengine jenereta huwasha taa tu.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika ni saa. Sisi husema saa 3 asubuhi, lakini kalenda ya kompyuta inayotunza ratiba za kumbi inasoma 9:00. Ukijaza 3:00 humo, ukumbi utakuwa wako saa 9 usiku, na asubuhi utawakuta wenzako ndani. Andika zote mbili. Tenganisha pia muda wa mkutano na muda wa ukumbi. Kupanga meza 12, kuunganisha vifaa na kujaribu sauti kunahitaji saa nzima, na kupangua kunahitaji nusu saa.

Ombi lenyewe, liwe dokezo la karatasi au barua pepe, linaweza kusomeka hivi:

Ndugu Afisa Utawala,

YAH: MAOMBI YA UKUMBI NA VIFAA KWA SEMINA YA WAHASIBU

Naomba ukumbi mkubwa Alhamisi, kuanzia saa 2:00 asubuhi (8:00) hadi saa 11:00 jioni (17:00). Semina itaanza saa 3:00 asubuhi (9:00) na kumalizika saa 10:30 jioni (16:30).

Watakaokaa ukumbini: washiriki 28, wakufunzi 2, mwandishi 1. Meza kuu ya watu 2, ubavuni mwa skrini, iondolewe saa 4:30 asubuhi (10:30). Chai: watu 38, wakiwemo madereva 5.

Mpangilio: makundi 6 ya meza mbili mbili, viti 5 kila kundi, mwisho unaoelekea skrini ubaki wazi. Meza moja ya wakufunzi na mwandishi pembeni. Mchoro umeambatishwa.

Vifaa: projekta na skrini yenye kimo cha mita 1.7, adapta ya USB-C kwenda HDMI, vipaza sauti viwili vya mkononi vilivyounganishwa na kompyuta, intaneti kwa kikao cha Zoom chenye watu 3 wa nje, ekstensheni 6 kutoka soketi tofauti, bango kitita 2 na kalamu zake.

Naomba fundi wa tehama tukutane ukumbini Jumatano saa 9:00 alasiri (15:00) kwa majaribio. Mabadiliko ya idadi nitayaleta kabla ya Jumanne mchana.

Ombi hili linagawanyika bila taabu. Mhudumu anachukua mchoro, fundi anachukua aya ya vifaa, wa jikoni anachukua hesabu ya chai. Mchoro hauhitaji ufundi: karatasi moja, mlango, skrini, soketi, na visanduku 6 vya meza vinatosha. Idadi ikibadilika, jibu kwenye dokezo lile lile au barua pepe ile ile badala ya kupiga simu, ili wote watatu waone badiliko hilo.

Ukipewa jibu kwamba ukumbi una nafasi ya watu 60, usiridhike. Uliza: 60 wakiwa wamekaaje? Afisa utawala anayeufahamu ukumbi wake atakujibu papo hapo, na kama hana jibu, nendeni pamoja mkaupime kwa futi ya utepe kabla hamjatuma mialiko.