Ramani ya Moto Ukutani na Picha Yake Katika Simu

Baadhi ya majengo ya ghorofa hapa Mwanza, yakiwemo ya wakfu yanayopangishwa na kamati za misikiti, yana karatasi iliyotiwa fremu ukutani karibu na ngazi. Hiyo ni ramani ya kutoka wakati wa moto. Mpangaji mpya huipiga picha, akaituma kwa mkewe, naye akaituma kwa dada wa kazi, na kila mmoja akahisi kuwa njia ameijua.

Picha hiyo ina kasoro moja ambayo wengi hawaitambui. Ramani huchorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya ukuta ule ule. Kilicho kushoto katika mchoro ndicho kilicho kushoto kwake, na doa lililoandikwa "Upo hapa" ni pale alipokanyaga. Akiondoka na picha mfukoni, doa halimfuati.

Nitoe mfano wa jengo moja la namna hiyo. Korido yake yaelekea mashariki na magharibi, na ramani imetundikwa ukuta wa kaskazini, kwa hiyo mwenye kuitazama ameelekea takriban kibla. Mshale wa kijani unatoka kwenye doa kwenda kushoto, yaani magharibi, upande wa ziwa, zilipo ngazi. Mama mmoja aliyehamia juzi ana nyumba katika safu ya kaskazini. Anapotoka mlangoni huwa ameipa kibla mgongo. "Katibu," aliniuliza, "mshale unasema kushoto, mbona kushoto kwangu ni ukuta mtupu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwake yeye ngazi ziko kulia.

Dawa yake ni nyepesi. Simama mlangoni pako na picha mkononi, tafuta mlango wako katika mchoro, kisha zungusha simu mpaka ngazi za mchoro zielekee ngazi za kweli. Hakikisha kwanza kuwa simu haiigeuzi picha yenyewe kila unapoizungusha. Kisha tembea njia hiyo na watoto, mkihesabu milango kwa kugusa ukuta, kwani moshi na kukatika kwa umeme huificha mishale yote. Na picha ya ghorofa ya pili isitumiwe na wa ghorofa ya tatu, hata kama korido zafanana.

Rangi nazo zina maana. Kijani ni njia ya kutokea na mahali pa salama. Nyekundu ni vifaa vya kuzimia moto. Mshale wa kijani unakutoa nje, ilhali mshale mwekundu unakupeleka kwenye kifaa, ambacho huenda kipo upande usio na mlango wa kutokea. Mtoto afundishwe kufuata kijani peke yake.

Mraba mwekundu wenye mchoro wa mtungi na ndimi za moto unaonyesha mtungi wa kuzimia moto ulipo. Hauelezi ndani yake mna nini. Hilo husomwa kwenye mtungi wenyewe, kwa kuwa mtungi wa maji haufai kwa mafuta yanayowaka katika kikaango wala kwa nyaya za umeme. Tazama pia kipimo chake: mshale wake mdogo uwe kwenye kijani. Mtungi wa unga wa kilo 6 humalizika kabla ya nusu dakika, hivyo unafaa kwa moto mdogo unaoanza, na mwenye kuutumia awe na njia ya kutokea nyuma yake. Huchomolewa pini, mpira ukaelekezwa kwenye shina la moto, si kwenye ndimi.

Alama inayopotoshwa zaidi ni mraba wa kijani wenye watu wanne katikati na mishale minne kutoka kwenye pembe. Nimewasikia wakisema maana yake ni kutawanyika kila upande. Itazameni vizuri: vichwa vya mishale vinaelekea ndani, kwa wale watu. Hapo ni mahali pa kukusanyika. Katika jengo la mfano wetu ni uwanja wa ng'ambo ya barabara, mbali na vioo vinavyodondoka, na lango hubaki wazi kwa gari la Zimamoto linaloitwa kwa namba 114.

Watu hukusanywa hapo ili wahesabiwe. Mzazi asiyemwona mwanawe hurudi ndani ya moshi, na huenda mtoto yuko madrasa au amekimbilia kwa jirani. Kwa hiyo kila nyumba imteue mtu mmoja wa kuhesabu, ajue pia nani hakuwepo jioni hiyo. Asiyeonekana atajwe kwa askari wa Zimamoto pamoja na ghorofa na mlango wake, na wao ndio waingie kumtafuta.