Kumpendekeza rafiki kazini: andika unachokijua, taja na usichokijua

Kampuni yako inatafuta mafundi nondo, na una mshkaji ambaye mkataba wake unakaribia kuisha. Unataka kuwaandikia watu wa utumishi. Kabla hujaandika, jiulize: huyu mtu namjuaje?

Kama mmefanya kazi pamoja, unaweza kuieleza kazi yake. Kama mmeishi chumba kimoja, unajua tabia zake, siyo ufundi wake. Kama ni wa kwenu tu, unaijua familia yake basi. Wengi wetu tunateleza hapo kati: tumelala na mtu chumba kimoja, tunaandika kana kwamba tumefunga naye nondo. Siku ya usaili anaulizwa mlikuwa saiti gani pamoja. Majibu yakipishana, yeye kazi kaikosa, na wewe hawakuamini tena.

Tuchukue mfano. Uko Dubai, na rafiki mmekaa chumba kimoja Sharja miezi 8, kila mtu na kampuni yake. Andika hivi, kwa lugha inayotumika ofisini kwenu:

"Habari za kazi. Naomba kumpendekeza (jina kamili) kwa nafasi ya fundi nondo. Ni rafiki yangu, si ndugu. Tumeishi chumba kimoja miezi 8. Katika muda huo nimeona anaamka mapema, hakosi basi la kazini, na hana ugomvi na wenzake. Sijawahi kufanya naye kazi. Yeye mwenyewe ameniambia ana uzoefu wa miaka 4 na anasoma michoro. Hilo naomba mlipime kwa majaribio. Mkataba wake unaisha mwezi ujao. Ameniruhusu niwape namba yake: (namba)."

Ona alivyotenganisha alichokiona na alichoambiwa. Neno "sijawahi" halimharibii rafiki. Linafanya yale mengine yaaminike. Ila usiandike "namdhamini". Kudhamini ni kubeba mzigo: akitoroka au akiharibu, watakutazama wewe. "Nampendekeza" inatosha. Na kama ni shemeji au mdogo wako, sema, maana watakuja kujua tu.

Nakala ya pasipoti usiitume wewe. Ofisi wakiihitaji, watamwomba mwenyewe.

Halafu suala la hela. Kampuni ikiwa na zawadi kwa anayeleta mfanyakazi, chukua, ni halali yako. Lakini usipokee hata dirhamu moja kutoka kwa rafiki, wala usimpeleke kwa mtu anayedai "ada ya nafasi". Sheria ya kazi ya Emirati ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Ukipokea hela, ujumbe wako umeshageuka biashara, na siku rafiki akifeli majaribio atakudai.