Kichwa Katikati, Seli Zikibaki Huru

Chukua daftari la Excel la kikundi cha wakulima wa ndizi hapa Mitunguu, Imenti Kusini. Safu A ni tarehe, B jina la mkulima, C kilo, D bei, E jumla, F namba ya simu. Juu kabisa kuna kichwa, "Mauzo ya Ndizi, Machi", ambacho karani amekiweka katikati kwa kitufe cha Merge & Center. Seli sita, A1 hadi F1, zimekuwa moja.

Kwenye karatasi iliyochapishwa hakuna ubaya. Ubaya huanza kazini. Karani anasimama kwenye safu ya kilo na kubonyeza Ctrl+Space ili aichague yote, lakini uteuzi unagonga ile seli pana na kumeza A hadi F. Akibonyeza Delete bila kuangalia, majina na simu navyo vimekwenda. Akichagua safu zote sita apange wakulima kwa kilo, Excel inagoma: inataka seli zilizounganishwa ziwe na ukubwa sawa.

Dawa ipo, ila haina kitufe chake juu, ndiyo maana wengi hawaijui. Chagua A1:F1, bonyeza Merge & Center tena ili seli ziachane, kisha Ctrl+1. Fungua Alignment, na chini ya Horizontal chagua Center Across Selection. Kichwa kitakaa palepale kilipokuwa, lakini seli sita zitabaki sita na Ctrl+Space itashika kilo peke yake. Bado, unapopanga, anzia kwenye mstari wa majina ya safu. Kichwa cha juu si sehemu ya data.

Maneno yenyewe yamo A1 tu. Ukibofya katikati ya kichwa, tuseme D1, utaona seli tupu, na hapo ndipo watu huandika tena. Kitu kikiingia D1, kichwa kinabanwa kati ya A na C. Kwa hiyo ukiona kichwa kimesogea kushoto ghafla, tafuta seli iliyojazwa upande wake wa kulia, hata kama ina nafasi tupu tu.

Njia hii ni ya ulalo pekee. Mkulima aliyeleta ndizi mara tatu, na karani akaunganisha B4:B6 ili jina lionekane mara moja, hasaidiwi nayo. Na kwa maoni yangu hapo ndipo kuunganisha kunaharibu zaidi, kwa sababu Excel huliweka jina B4 tu. Ukichuja kwa jina hilo, unapata mstari mmoja kati ya mitatu, na malipo yanapungua. Tenganisha seli hizo, uandike jina kwenye kila mstari. Google Sheets nayo haina Center Across Selection. Huko, weka kichwa kushoto ndani ya A1 na ukiache kimwagike juu ya seli tupu za jirani.