Nani Anajibu Esemesi ya Mama Mjamzito? Mashine Huandika, Mhudumu Huidhinisha

Wakazi wengi wa wadi ya Kabiro, pamoja na majirani zetu wa Kibera, wamezoea kuuliza maswali ya afya kwa simu. Mama huandika esemesi, kisha hujibiwa kwa heshima na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Siku hizi huenda jibu hilo liliandikwa kwanza na mashine, kisha likasomwa na mtu kabla ya kutumwa. Makala haya yanaeleza mtu huyo hufanya nini hasa, na ni wapi jicho lake halifiki.

Mfano ulio karibu nasi ni PROMPTS, huduma ya esemesi isiyo na malipo inayoendeshwa na shirika la Jacaranda Health lenye makao hapa Nairobi. Kina mama wajawazito na waliojifungua hutumiwa mawaidha kulingana na umri wa mimba au wa mtoto, na wanaweza kuuliza maswali. Nyuma yake kuna dawati la msaada lenye wahudumu waliosomea afya. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, modeli ya akili unde iliyofunzwa Kiswahili juu ya Llama 2 ya kampuni ya Meta. Kazi ya modeli ya namna hii kwenye dawati ni kuandika rasimu ya jibu. Anayeamua kama rasimu itatumwa ni mhudumu.

Kwa kawaida mpangilio huu huenda hivi. Ujumbe ukiingia, mfumo kwanza hukadiria unahusu nini na una dharura kiasi gani, kisha huupanga kwenye foleni. Halafu modeli huandika rasimu. Mhudumu akiufungua huona swali, rasimu, na kumbukumbu za mama: mimba ina wiki ngapi, au mtoto ana umri gani, na aliuliza nini awali. Anaweza kutuma rasimu jinsi ilivyo, kuirekebisha, kuitupa na kuandika yake, au kuacha kuandika kabisa na kumpigia mama simu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa lugha yake mtaisikia kila siku kuanzia stendi ya Kawangware hadi Kibera. Mama anaandika: “Sasa dakt, niko na bol ya miezi 7, mtoi hachezi tangu jana usiku. Ni noma?”

Neno “bol” hapa ni mimba, na “mtoi hachezi” ni mtoto kutosikika akisonga tumboni. Modeli iliyofunzwa zaidi kwa Kiswahili sanifu inaweza kukosa neno la kwanza, ikabaki na mtoto wa miezi saba asiyetaka kucheza. Ikasoma hivyo na kuandika rasimu kama hii: “Habari mama. Watoto hupunguza kucheza wanapochoka au wanapoota meno. Mpumzishe, mpe maziwa, na mtazame kwa siku mbili.” Haina kosa la sarufi, na ni ya upole. Kwa mtoto aliyezaliwa, huenda isingeleta madhara makubwa. Kwa mama huyu ni ya hatari, kwa kuwa mtoto kupunguza au kuacha kusonga tumboni ni dalili ya kwenda hospitali mara moja. Siku mbili za kungoja zinaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Mhudumu makini haanzi na rasimu. Anaanza na swali la mama, kisha kumbukumbu zake, ambazo zinaonyesha mimba ya wiki 30. Hapo ndipo anaisoma rasimu, na anaona mara moja kwamba inamjibu mtu mwingine. Anaitupa, anaandika: “Mama, mtoto kutocheza tumboni ni dalili ya hatari. Nenda hospitali sasa, usingoje kesho. Beba kijitabu. Je, unatokwa na damu au maji? Tunakupigia simu.” Ujumbe huu unaingia kwenye esemesi moja ya herufi 160. Kisha anapiga simu kweli.

Mpangilio huo wa kusoma ni muhimu kuliko unavyoonekana. Ukisoma rasimu kwanza, akili yako hulitafsiri swali kulingana na rasimu. Na rasimu ya modeli haisiti, haina ile “sina hakika” ambayo mwanadamu angeiandika. Kosa lililoandikwa vizuri hupita rahisi kuliko kosa lililoandikwa ovyo.

Shida kubwa huja baada ya miezi kadhaa ya kazi. Rasimu nyingi huwa sawa, foleni ni ndefu, na mkono huzoea kubonyeza kitufe cha kutuma. Mhudumu anageuka muhuri. Msimamizi anaweza kuligundua jambo hili bila kumshuku mtu. Aangalie muda kati ya kufungua rasimu na kuituma: ukiwa mfupi kuliko muda wa kuisoma, haikusomwa. Aangalie pia sehemu ya rasimu zinazotumwa bila kuguswa, ila asidanganyike na idadi ya marekebisho, maana kuongeza neno “mama” mwanzoni huhesabiwa marekebisho pia. Kipimo kizuri zaidi ni kuchukua majibu machache yaliyokwisha tumwa na kumpa mhudumu mwingine swali pekee, alijibu upya, kisha majibu mawili yalinganishwe. Au kuweka kwa makusudi, kwa maswali ya majaribio, rasimu zenye kosa linalojulikana, na kuhesabu zilizonaswa.

Kuna sababu nyingine ya kulichukulia hili kwa uzito. Rasimu na jibu la mwisho la mhudumu huweza kuhifadhiwa na kutumiwa kuifunza modeli. Kosa lililorekebishwa huwa somo. Kosa lililoidhinishwa nalo huwa somo, na modeli hulirudia.

Lakini lipo pengo ambalo hata mhudumu makini halizibi, nalo kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi. Mhudumu huidhinisha jibu, lakini haidhinishi nafasi ya ujumbe kwenye foleni. Mfumo ukiuweka ujumbe wa “mtoi hachezi” miongoni mwa maswali ya kawaida ya malezi, utakaa chini kwa saa kadhaa kabla ya jicho la mtu kuuona, na rasimu mbovu haitakuwa imetupwa na yeyote. Ndiyo maana ni busara kuwa na orodha ya maneno, ya Sheng yakiwemo, yanayopandisha ujumbe juu hata kama modeli imeona vingine, na kukubali kengele nyingi za bure kuliko moja iliyokosekana.

Msomaji anayetumia huduma yoyote ya aina hii aandike mimba ina wiki au miezi mingapi, shida ni nini na ilianza lini. “Mimba miezi 7, mtoto hasongi tumboni tangu jana” haina njia mbili za kusomwa. Ukitokwa na damu, ukiumwa kichwa sana na kuona ukungu, ukivimba uso na mikono, ukipata degedege, maji yakivunjika, au mtoto akiacha kusonga, nenda hospitali bila kungoja jibu la esemesi.

Una haki pia ya kuuliza nani amekujibu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kifungu chake cha 35 kinagusa maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake. Ukihisi jibu halikuhusu, liambie dawati hivyo hivyo, na uombe kupigiwa simu.